Soketi ya waifai ilivyokataa kushika mtandao nyumbani kwa shangazi

Shangazi yangu anakaa Ilazo, hapa Dodoma. Alinunua soketi ya waifai ili taa ya uani iwake yenyewe jioni hata akiwa Kondoa, nami nikaitwa kuiunganisha. Programu yake ilifunguka kwa Kichina, na hata nilipobadilisha lugha ya simu, kurasa za kuunganisha zilibaki vilevile. Hilo halikunitesa sana. Alama ya + huongeza kifaa, 密码 ni mahali pa nenosiri, na 下一步 ni kuendelea.

Kilichonitesa ni bendi, yaani masafa ambayo waifai husafiria. Nilibonyeza kitufe cha soketi mpaka kitaa chake kikapepesa harakaharaka, nikajaza nenosiri, programu ikahesabu asilimia kisha ikagoma. Muda wote kitaa hakikubadili mwendo. Hapo nikajua kwamba tatizo si nenosiri, maana soketi ilikuwa bado haijapokea chochote.

Soketi nyingi za aina hii zina redio ya 2.4 GHz tu. Ruta ya shangazi inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, na nilipofungua maelezo ya waifai kwenye simu nikakuta imeshika 5 GHz. Kitaa kikipepesa haraka, simu hutuma taarifa hewani kupitia ruta, na soketi huzidaka. Zikipita kwenye 5 GHz, soketi haina sikio la kuzisikia.

Dawa ya kudumu ni kutenganisha majina ya bendi hizo ndani ya ruta, lakini ukurasa wa 192.168.1.1 ulidai nenosiri la fundi aliyeifunga, na hakupatikana. Nikatumia njia ya pili. Nilibonyeza kitufe tena kwa muda mrefu mpaka kitaa kikapepesa polepole, na kwenye programu nikachagua picha ya kupepesa huko. Soketi ikaanza kurusha waifai yake yenyewe, jina likianza na SmartLife. Nikazima data ya simu, nikajiunga nayo. Simu ilipouliza kama nibaki kwenye mtandao usio na intaneti, nikakubali. Ukikataa, inarudi kwenye ruta na kazi inakatika. Kwa njia hii simu huikabidhi soketi jina na nenosiri moja kwa moja, kisha soketi huitafuta ruta yenyewe kwenye 2.4 GHz. Simu yako iwe imezoea bendi gani, haijalishi.

"Imeshika, mwanangu?" shangazi aliuliza kitaa kilipotulia.

"Imeshika, shangazi."

Nikapanga taa iwake saa 12:45 jioni, ambayo programu inaiandika 18:45. Ila njia hii haisaidii kama ruta imewekwa ulinzi wa nenosiri wa aina ya WPA3 pekee. Vifaa vingi vya namna hii vinahitaji WPA2. Na ruta ikibadilishwa jina au nenosiri, soketi lazima iunganishwe upya, kwa hiyo nimemwomba shangazi anipigie kabla fundi hajaigusa.