Nilivyowaeleza kina mama wa Kawangware kuhusu kukoma hedhi

Kijikaratasi nilichopewa kilikuwa cha Kiingereza, kimeandikiwa wanawake wa Uingereza. Kilianza na joto la ghafla, kikaendelea na kukosa usingizi, hasira, kusahausahau, maumivu ya viungo na ukavu wa uke. Mwisho kabisa, kwa mistari miwili, kikataja ni lini mtu aende kwa daktari. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii huku Kawangware, Nairobi, na kina mama niliotakiwa kuwaeleza hukutana kwenye chama Jumapili alasiri. Wengi ni wauza mboga na wafua nguo. Nilijua nikiufuata mpangilio wa karatasi ile, tutaifikia mistari hiyo miwili wakati nusu yao wameshaenda kupika. Kwa hiyo nilianzia mwisho.

Kwanza tulikubaliana juu ya hesabu. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo hedhi huyumba kwa muda, hata miaka kadhaa: mwezi huu inakuja, miezi miwili inapotea, kisha inarudi nzito. Kuyumba huko peke yake si ugonjwa. Lakini ukilowesha sodo kila saa moja au mbili, ukitoa mabonge makubwa ya damu, au ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, nenda kituoni. Na ikiwa hedhi inakatika kabla ya miaka 45, nenda pia, kwa sababu mifupa na moyo vinapoteza mapema kinga vilivyokuwa vikipata kutoka kwa homoni.

Kisha nikawaambia lile ambalo nilitaka kila mmoja aondoke nalo. Ukishatimiza ile miezi 12, damu yoyote ni ya kumwonyesha daktari. Hata kama ni doa moja la kahawia kwenye chupi, hata kama haliumi. Usingoje lirudi mara ya pili.

Mama mmoja wa miaka 57, muuza sukuma wiki, akainua mkono. "Daktari, mimi miaka mitatu sikuwa nimeona kitu, halafu juzi nikaona kidogo. Nilidhani ni mwili unajisafisha." Huku mtaani sisi wahamasishaji huitwa daktari, ingawa si madaktari. Mwenzake akasema yeye alisikia kwamba hedhi ikirudi, ni dalili kuwa bado una nguvu za ujana. Nilichukua muda mrefu hapo, kwa sababu imani hizo mbili ndizo zinazowaweka wanawake nyumbani.

Niliwaeleza kwamba mara nyingi chanzo si kibaya: ngozi ya uke imekonda na kukauka, au kuna kinyama kidogo ndani ya mji wa uzazi. Lakini kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya mji wa uzazi. Na kati ya wanawake 100 wenye saratani hiyo, karibu 90 walitangulia kuona damu kama hiyo. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu huwa unajitangaza, mara nyingi ungali ndani ya mji wa uzazi, ambapo upasuaji unaweza kuumaliza. Pia kuna saratani ya mlango wa kizazi, ambayo imetuondolea kina mama wengi hapa Kenya, nayo huweza kuanza kwa kutokwa damu.

Yule mama alikwenda kliniki moja ya karibu, akapewa vidonge vya maambukizi bila hata kupimwa. Jambo hilo liliniudhi sana. Nikaandamana naye hadi kituo cha afya, akaandikiwa rufaa. Hospitalini daktari alimchunguza kwanza mlango wa kizazi kwa macho, kisha akafanyiwa ultrasaundi ya kupitia ukeni ili kupima unene wa utando wa ndani ya mji wa uzazi. Baada ya kukoma hedhi utando huo huwa mwembamba, na ukiwa milimita 4 au chini ya hapo, uwezekano wa saratani ni mdogo mno. Wake ulikuwa milimita 11. Wakachukua kipande kidogo kwa mrija mwembamba, kipimo ambacho huumiza kama maumivu makali ya hedhi kwa dakika chache. Majibu yalipotoka, kilikuwa kinyama kisicho na saratani, na kikaondolewa.

Tangu hapo nawafundisha kina mama sentensi ya kusema wakifika mbele ya mhudumu, kabla ya kueleza kitu kingine: "Nilikoma hedhi mwaka fulani, na tarehe fulani nimetokwa damu." Ukisema tu kwamba unatokwa damu, mhudumu mwenye foleni ndefu anaweza kudhani ni hedhi ya kawaida. Ukitaja miaka, anajua aanzie wapi.

Joto la ghafla lilihitaji maelezo ambayo karatasi haikuwa nayo. Huku kwetu mwanamke akiamka amelowa jasho huenda duka la dawa kununua dawa ya malaria au ya taifodi. Nikatoa kipimajoto cha kwenye mkoba wangu wa kazi. Joto la kukoma hedhi huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, na baada ya dakika chache huja baridi. Hutokea kwa sababu homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hushtuka kwa mabadiliko madogo tu. Ukijipima wakati huo, hupati homa. Ukisoma nyuzi 38 au zaidi, hilo si la hedhi, tafuta chanzo.

Nikaongeza kifua kikuu, kwa sababu jasho la usiku ni dalili yake pia. Ikiwa jasho linaandamana na kikohozi, kupungua uzito au homa za jioni, usiseme ni umri. Nenda ukapimwe makohozi. Kwenye vituo vya serikali kipimo hicho ni bure.

Sehemu ya tembe za homoni za kutuliza dalili za kukoma hedhi niliifupisha, maana dawa hizo huanzishwa na daktari anayekujua: kama uliwahi kuwa na saratani ya titi au damu kuganda mguuni, atakwambia kama zinakufaa. Ukavu wa uke nao una krimu yake, na hakuna sababu ya mtu kuvumilia maumivu miaka yote.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama wa miaka 48 anayechoma sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu. Hajaona hedhi tangu aanze. Je, amekoma? Nilimwambia kwamba sindano yenyewe husimamisha hedhi, kwa hiyo miezi yake 12 haiwezi kuhesabika, na akiacha, hedhi inaweza kuchukua hata mwaka kurudi. Asiiache kwa kudhani hawezi tena kushika mimba. Aliye chini ya miaka 50 anaendelea kujikinga kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na aliyevuka 50 kwa mwaka mmoja. Nikamwandikia kwenye kikaratasi amuulize muuguzi, siku ya sindano ijayo, kuhusu njia isiyo na homoni, kama koili ya shaba. Jirani yake akaomba na yeye aandikiwe.