Siku ya mtihani: "yes" na "no" ndani ya basi lililojaa

Saa 11:30 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Mtihani wa kuzungumza Kiingereza ni saa 3:00 asubuhi, na saa 7:00 mchana natakiwa kazini, mapokezi. Nimeoga, nimevaa kabisa sare ya kazi, nimetoka.

Saa 12:15. Mwenzangu yuko kituoni tayari, macho mekundu. Tunajiandaa pamoja tangu mwanzo wa kozi. Mtihani nao ni wa wawili wawili: mnapewa kadi yenye hali fulani, mnazungumza, kisha msimamizi anauliza maswali yake.

Saa 12:40. Tumepata basi, ila ni la kusimama. Mikono minne kwenye bomba moja, daftari limebanwa kwapani wala halifunguki. Nyumbani tulikuwa tunasoma majibu kwenye karatasi, yakitoka kama shairi la kukariri. Hapa nauliza, nabadilisha neno moja, naye ajibu bila kutazama popote. (Kiingereza nakiandika kama kinavyosikika, ndivyo lilivyo daftari letu.)

"Hevent yu iten?"

"Yes."

"Yes nini, shoga?"

"Yes, ai hevent."

Hapo ndipo kwenye kidonda chetu. Ukiniuliza kwa Kiswahili "Hujala?" na kweli sijala, nasema "Ndiyo, sijala." Ndiyo yangu inakubaliana na maneno yako: umesema sijala, umepatia. Yes ya Kiingereza haikubaliani na muulizaji, inafuata tendo lenyewe. Umekula, ni yes. Hujala, ni no, hata swali lije kwa kukanusha. Kwa hiyo "yes, ai hevent" ni sentensi inayogombana yenyewe kwa yenyewe.

Nilikuwa bado namweleza mwenzangu, konda akatufikia. "Dada, hujalipa?"

"Ndiyo, bado," akajibu mwenzangu, akamkabidhi nauli.

Nikamshika bega. "Umejisikia? Hiyo 'ndiyo' yako, kwa Kiingereza ingekuwa no!"

Alinyamaza karibu vituo viwili. Kisha tukapata njia: kila swali la kukanusha, lisikie kama halina ukanushi. "Hevent yu iten" ligeuze kichwani liwe "hev yu iten", kisha jibu kwa ukweli wako. Neno la kwanza na mkia viwe upande mmoja: "yes, ai hev" au "no, ai hevent". Na hilo neno la kwanza usilimeze. Injini ikinguruma ile ti ya mwisho wa "hevent" haisikiki kabisa, kwa hiyo no ndiyo inayobeba maana yote.

Saa 1:30. Kiti kimoja kimeachwa wazi, kando yake amekaa mzee mmoja. Nikamnong'oneza mwenzangu swali la daftarini, nikijifanya ndiye mwenye kutaka kukaa: "Du yu maind if ai sit hia?"

"Yes, yes, sit!" Amenikaribisha kwa moyo wote, na amenifukuza. "Maind" hapo ni kukereka: je, utakereka nikikaa? Anayekukaribisha anasema no, hatakereka. Tulilirudia mara sita, zamu kwa zamu, hadi no ikaacha kusikika kama ukali. Mzee akatupisha dirishani, kiti kimoja tukakikalia wawili.

Saa 3:00. Kadi yetu: mmoja ameazimwa kitabu, mwingine anakidai. Tumekwenda vizuri. Kisha msimamizi akamgeukia mwenzangu: "Dident yu bring it?" Niliona midomo yake ikianza kuumba yes. Akasita, akavuta pumzi. "No, ai dident." Msimamizi akaandika, akaendelea na swali jingine. Mimi nimekosea kwingine, nimemwita mama "hi" badala ya "shi" mara mbili, maana yeye yetu haichagui mwanamke wala mwanamume. Mara ya pili nilijirekebisha.

Saa 7:00 mchana hadi saa 1:00 usiku. Kazini. Simu, fomu, foleni. Majibu ya mtihani bado.

Saa 1:20 usiku. Mwenzangu kanisubiri turudi pamoja. Basi limejaa kuliko la asubuhi, na tangu tuingie hataki kusikia Kiswahili: ananiuliza, namuuliza, no na yes zinamtoka sawasawa. Nauli ameikunja kiganjani.

Konda akapenya hadi kwake. "Hujalipa, dada?"

"Hapana," akasema kwa uhakika, mkono ukianza kunyooka na pesa.

Konda akatikisa kichwa kuelewa kwamba ameshalipa, akapita kwenda nyuma.

"Konda!" akaita mwenzangu, pesa juu ya vichwa vya watu. "Konda, rudi, sijalipa!"