Kumbukumbu ya mradi: umbali kati ya mistari ya miti ya kukinga upepo kwenye shamba la mchanga mtupu

Wiki ya 1: udongo wenyewe

Shamba lina mita 300 kutoka joshini, yaani upande upepo unakotokea, hadi demani. Dalili ziko wazi: mashina ya mavuno yaliyopita yameachwa mizizi nje, na mchanga umejikusanya kwenye ua wa mwisho. Hata hivyo dalili hazitoshi kupanga mistari, kwa hiyo tumepima.

Kilo 1 ya udongo imechotwa kutoka sentimita 2.5 za juu kwa sepetu bapa, ili madonge yasivunjike. Imeanikwa kivulini hadi ikauka kabisa, kisha ikapitishwa kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 0.84. Kinachobaki juu ni madonge ambayo upepo wa kawaida hauyaviringishi. Kinachopita ndicho kinachoruka. Yamebaki gramu 70, yaani 7%.

Ni hali mbaya. Katika majedwali yaliyotokana na vipimo vya Kansas, Marekani, udongo wenye 5% ya madonge kama hayo, ukiwa mtupu, bapa na mpana, hukadiriwa kupoteza takriban tani 400 kwa hekta kwa mwaka. Wenye 10% hupoteza kama 300, na wenye 50% hupoteza kama 85. Hali ya hewa ya kwingine hubadilisha tani hizo, lakini mpangilio wa nani yuko hatarini zaidi hubaki.

Kosa la kawaida hapa ni kutikisa chekeche kwa nguvu. Madonge ya mchanga ni dhaifu, husagika mkononi, na matokeo hutia hofu kuliko ukweli. Tikisa polepole, na acha mara tu chembe zinapokoma kushuka. Kosa la pili ni kuamini gamba gumu lililoachwa na mvua. Likiwa na punje legevu juu yake, punje hizo hurukaruka na kulichimba kama msasa.

Wiki ya 2: umbali

Kanuni tuliyotumia ni hii:

```
d = 17 * h * (Vm / V) * cos(θ)
```

`d` ni umbali unaokingwa kikamilifu na `h` ni urefu wa kizuizi, vyote kwa mita. `V` ni kasi ya upepo mkali, `Vm` ni kasi inayoanza kusogeza punje nyepesi zaidi, na `θ` ni pembe ambayo upepo umekengeuka kutoka kuukabili mstari moja kwa moja. `Vm` ya mchanga mtupu na bapa huchukuliwa kuwa mita 9.6 kwa sekunde, ikipimwa mita 15 juu ya ardhi.

Urefu huo wa mita 15 ndio mtego. Kipimaupepo chetu kiko mita 2 na kimesoma 11.2. Tukiingiza 11.2 moja kwa moja, miti ya mita 8 na upepo wa pembe ya nyuzi 25 inatoa mita 106. Lakini juu ya mchanga mtupu, kasi ya mita 15 ni kama mara 1.25 ya ile ya mita 2, kwa hiyo `V` sahihi ni 14, na umbali unashuka hadi mita 85. Mita 21 za tofauti ni ukanda mzima usio na kinga.

Tumechagua mita 75, chini ya 85 kwa makusudi, maana mita 300 zinagawanyika sawasawa: mistari iko mita 0, 75, 150 na 225. Wa kwanza lazima uwe ukingoni kabisa joshini. Punje zikishaanza kuruka hugonga nyingine na kuziamsha, hivyo kila mita inayoachwa wazi mwanzoni huongeza mzigo mbele.

Mpango wa miaka ya kati

Miti haizaliwi na mita 8. Ikiwa na mita 2 hukinga mita 21 tu, na ikiwa na 4 hukinga 42. Hapo ndipo mistari mingi hushindwa: umbali umepangwa kwa mti uliokomaa, udongo unaondoka mti ukiwa bado mdogo.

Pengo linazibwa kwa mistari ya nyasi ndefu. Nyasi za mita 1.2 hukinga karibu mita 12.7, kwa hiyo tunaziweka kila mita 11. Miti ikiwa mita 2, nyasi zitakaa mita 21, 32, 43, 54 na 65 kutoka kila mstari wa miti. Itakapofika mita 4, zitatosha tatu: 42, 53 na 64. Pima nyasi katika msimu wa upepo wenyewe. Zikiliwa na mifugo hadi sentimita 40, kila mstari unakinga mita 4 tu.

La kukagua

Ukuta usiwe mzito. Uwazi wa 40 hadi 50% hupunguza kasi bila kuzusha visulisuli demani. Tunapiga picha ya mstari dhidi ya anga, tunaiwekea gridi na kuhesabu visanduku vyenye mwanga. Matawi ya chini yakikatwa, upepo hupenya kwa kasi kati ya mashina ya miti, na mchanga wa hapo ndio unaochimbwa kwanza. Mti ukifa, unapandwa mwingine msimu huohuo, kwani pengo hubana upepo na kuupa kasi zaidi ya ule wa uwanja wazi.