Kodi nne na tarumbeta iliyozibwa mdomo

Mwezi wa tisa mwaka 2016, upepo wa Dodoma ukiwa umejaa vumbi kama kawaida yake, niliingia kwenye mkahawa mdogo karibu na Nyerere Square kunywa chai. Spika ilikuwa inapiga jazi. Nasema jazi ya Wamarekani, si ile ya majina ya bendi zetu za zamani kama Morogoro Jazz, ambazo zilipiga dansi. Wimbo ulikuwa umeshafika katikati, tarumbeta iliyozibwa mdomo ikipiga solo. Nikasahau kutia sukari.

Baada ya muda mfupi muziki mzima ukapanda sauti, na hapo hapo umeme ukakatika. Nilimuuliza dada aliyenihudumia jina la wimbo. Akasema nyimbo zote zilikuwa kwenye flashi moja, hazina majina.

Nilikuwa napiga kinanda kwaya ya kanisani, nimelelewa na do re mi, kwa hiyo nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya risiti kabla masikio hayajapoa: kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, na vipimo, yaani mafungu ya mapigo yanayohesabiwa. Kodi ya do, vipimo viwili. Kodi ya re, vipimo viwili, lakini fa yake imepandishwa nusu, na ndiyo iliyonishtua. Kisha re ile ile, fa ikiwa imerudi mahali pake. Halafu so, na kurudi nyumbani kwa do. Jumla vipimo vinane. Chini yake nikaandika kipande cha solo: tarumbeta ilipofika kwenye kodi ya re, ilitua juu ya so iliyopandishwa nusu, ikakaa pale kidogo kama mtu aliyesimama ukingoni.

Jioni nilizipiga kodi zile kwenye kinanda na jibu likaja upesi: Msichana wa Ipanema, wimbo wa Mbrazili Antônio Carlos Jobim. Nao huanza do, kisha re yenye fa iliyopanda, kisha re yenye fa iliyorudi. Nililala nikiwa na hakika.

Kesho yake nikaenda Chang'ombe kwa mzee mmoja aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi tangu ujana wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo karatasi."

Nilimpigia kodi kwa gitaa lake. Akasikiliza amefumba macho.

"Mlango huu unaingia nyumba nyingi," akasema. "Besi ilitokaje kwenye re? Iliruka kwenda so, au iliteleza nusu nusu kurudi do?"

Iliruka, nilikuwa nimeandika so mwenyewe. Kwenye Ipanema, kama unavyopigwa kwa kawaida, besi huteleza: re, re iliyoshushwa nusu, do. Hata hivyo mzee hakuridhika, kwa sababu mpigaji anaweza kubadilisha kodi moja apendavyo. Hata ile noti ya ukingoni mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye solo yake.

"Sehemu ya kati ilikwenda wapi?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Ikabidi niimbe upya solo nzima polepole, yeye akihesabu vipimo kwa kidole kwenye meza. Vinane, vinane tena, kisha mdomo wangu wenyewe ukaangukia fa, ukakaa hapo vipimo vinne, ukapita re yenye fa iliyopanda, ukafika so, ukarudi do. Vinane vingine na mzunguko ukafungwa: 32. Mzunguko wa Ipanema una vipimo 40, kwa kuwa sehemu yake ya kati ni 16, tena hupanda nusu sauti badala ya kwenda fa. Jibu langu la usiku likafa palepale, nami nikafurahi kuliko nilivyofurahi kulipata.

Mzee akaanza kuvuma taratibu: so, mi, so, do, mi, kisha so iliyopandishwa nusu. Noti ile ile ya ukingoni, juu ya kodi ile ile. Haikuwa pambo la mpiga tarumbeta; imo ndani ya wimbo wenyewe.

"Take the A Train," akasema. "Duke Ellington."

Nikautafuta kwenye simu. Mtunzi ni Billy Strayhorn, aliyekuwa mwenzake Ellington, na treni yenyewe ni ile ya chini ya ardhi ya New York, iendayo mtaa wa Harlem. Tuliweka rekodi ya bendi ya Ellington ya mwaka 1941. Piano ikafungua, saksafoni zikauimba wimbo, kisha ikaja tarumbeta ya Ray Nance, imezibwa mdomo. Nilijua sentensi zake kabla hazijafika. Mzunguko ulipoisha muziki ukapanda kutoka do hadi mi iliyoshushwa nusu, mahali hasa nilipokatiwa, na safari hii ukaendelea.

Ulipokwisha, mzee akavuta gitaa la besi mapajani.

"Rudisha pale tarumbeta inapoanza," akasema.