Paswedi za dada zilivyotoka kwenye mapishi.txt

Kuna ushauri unanikera sana, eti kama unaweka paswedi kwenye faili la maandishi huko Google Drive, libadilishe jina tu, uliite mapishi.txt, nani atalishtukia. Fundi mmoja alimwambia dada yangu hivyo. Dada ana stesheneri, humo kulikuwa na paswedi za imeili, benki, mpaka za wateja anaowajazia fomu.

Sikubishana. Nikamwambia dada fungua Drive, kwenye kisanduku cha kutafutia andika "paswedi". Mapishi.txt ikaibuka! Drive haitafuti kwa jina peke yake, inatafuta mpaka maandishi ya ndani. Akaniambia mbona imeili yangu ina kodi ya SMS? Sawa, ila kuna virusi vinakuja na programu za kukraki, vinabeba kuki za brauza, zile alama zinazoonyesha umeshaingia, mwizi anaingia kama wewe vile bila kuulizwa kodi yoyote, na akishaingia kwenye Gmail, na Drive yako kaingia, akaunti si ni moja.

Tukaweka KeePassXC kwenye kompyuta, ni ya bure. Inatunza paswedi zote ndani ya faili moja la .kdbx lililofungwa kwa paswedi kuu, hilo hata likikaa Drive sina presha, atakayeliiba anaona vurugu tupu, mradi paswedi kuu ni ngumu. Usiweke methali, zinajulikana. Dada alifungua kamusi kurasa sita bila kuchagua, akachukua neno moja kila ukurasa, akayaandika kwenye karatasi akaifungia na hati ya kiwanja, maana ukiyasahau hakuna pa kubonyeza "nimesahau". Kwenye simu tukatia KeePassDX inayofungua faili hilo hilo.

Sasa kulifuta lile la zamani. Dada alifuta maandishi yote, akasevu, akasema tayari. Nikabonyeza faili kwa kitufe cha kulia nikaenda Manage versions, matoleo ya nyuma yote yamo, unadaunlodi paswedi zako kama zilivyokuwa! Kwa faili la aina hiyo Drive hutunza matoleo ya zamani kama siku 30. Ukilifuta faili zima nalo linakaa Trash siku 30 nyingine, kwa hiyo tukalifuta, tukamwaga na Trash, tukapekua simu na kompyuta kama kuna kopi iliyodaunlodiwa.

Halafu kazi iliyochosha, kubadilisha paswedi zote, kwa sababu huwezi kujua nani alishazisoma. Anza na imeili, akaunti nyingine zote zinarudishwa kupitia hiyo, kisha ingia sehemu ya Your devices uzitoe simu na kompyuta usizozitambua, na kwenye kompyuta yako pia utoke uingie upya, ndipo kuki iliyoibiwa inakufa. Ila kama kompyuta bado ina virusi safisha kwanza, la sivyo unamkabidhi mwizi paswedi mpya, na hapo KeePassXC haikusaidii.

Za wateja hatukuzihamisha. Tuliwapigia wabadilishe, na siku hizi mteja anakaa kwenye kiti cha dada anaandika yake mwenyewe.