Tulivyoacha kupima viambishi na kuanza kupima mazungumzo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Kiswahili kwa watu wazima ambao si lugha yao ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa natunga mtihani wa kumaliza hatua ya kati. Ulikuwa na maswali 80, yote ya kuchagua jibu au kujaza pengo. Kusahihisha kulichukua chini ya saa moja, na karatasi ile ile ikisahihishwa na watu wawili ilitoa alama ile ile. Niliuamini.

Kisha mwanafunzi aliyepata 71 kati ya 80 akaja kuniomba msaada. Alikuwa amepigiwa simu kuambiwa kwamba miadi yake imesogezwa mbele. Alitambua kuwa kuna jambo limebadilika, lakini hakujua ni siku, saa au mahali, na hakuweza kumkatiza msemaji ili amuulize. Cheti chake, chenye sahihi yangu, kilisema kwamba "anaweza kuwasiliana katika shughuli za kawaida za kila siku."

Usiku ule nilichukua karatasi, upande wa kushoto nikaandika kila jambo ambalo cheti kinaahidi, na upande wa kulia namba za maswali yanayolipima. Kusikiliza hakukuwa na swali hata moja. Kuzungumza vivyo hivyo. Maswali 52 yalikuwa ya upatanisho wa kisarufi, 18 ya msamiati na 10 ya ufahamu wa kifungu kifupi.

Nikajifariji kwamba angalau sarufi tunaipima vizuri. Ili kuhakikisha, nilitunga jaribio dogo: maswali 20 ya upatanisho ambayo nomino na vitenzi vyake havina maana yoyote, ila viambishi niliviacha vya kweli. "Kizolu ____ kimetepa juzi." "Mizofa ____ imegapa." "Mazegu ____ yamezirika." Chaguo zilikuwa hiki, hii, haya, huyu. Niliwapa wanafunzi 11, na wa chini kabisa alipata 16. Hakuna anayejua kizolu ni nini, mimi nikiwemo, lakini ki- ikifuatwa na ki- inatosha kumwonyesha mtu jibu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mtihani wangu ilikuwa inajibika bila kuelewa sentensi. Ilipima uwezo wa kulinganisha silabi ya mwanzo na silabi ya mwanzo.

Nilipowapa sentensi zenye kiboko, kifaru, kijana na kipofu, wale wale wakaandika "kiboko kikubwa kimelala" na "kijana hiki kimefika". Hapo umbo la neno linakwambia ki- lakini maana inakwambia kwamba ni kiumbe mwenye uhai, na upatanisho unafuata maana: kiboko mkubwa amelala. Nilipofungua mitihani ya nyuma niliona kwamba maneno ya namna hiyo tulikuwa tumeyakwepa, pengine kwa kuyaona "yanachanganya". Tulikuwa tumeondoa mahali pale pale ambapo ujuzi wa kweli wa ngeli ungeonekana.

Samuel Messick, aliyeandika sana juu ya uhalali wa vipimo, alieleza mwaka 1989 kwamba alama huharibika kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, mtihani unagusa sehemu ndogo tu ya umahiri unaodai kuupima. Ya pili, ndani ya alama zinaingia mambo yasiyohusika na umahiri huo. Mtihani wangu ulikuwa na kasoro zote mbili: uliacha kusikiliza na kuzungumza, na ulitoa alama kwa ujanja wa kulinganisha viambishi. Ule uthabiti niliojivunia, wa wasahihishaji wawili kutoa alama moja, haukuwa na la kusema juu ya haya. Mizani inaweza kutoa jibu lile lile kila siku huku ikipima kitu kingine.

Nilipopeleka hoja kikaoni, mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kazini alinijibu kwa hoja nzito. "Mwalimu," aliniambia, "wanaofanya vizuri kwenye karatasi ndio hao hao wanaozungumza vizuri. Kwa nini tujitese na mtihani wa mdomo wakati karatasi inatupa mpangilio ule ule?" Na ni kweli, stadi za lugha kwa kawaida hupanda pamoja, na kwa muda mrefu hoja ya aina hii imetumika kutetea mitihani ya karatasi. Mtihani wa TOEFL wa Kiingereza ulianza mwaka 1964, lakini kuzungumza hakukuwa sehemu ya lazima ya mtihani mkuu mpaka toleo la intaneti lilipotoka mwaka 2005.

Nilimwonyesha kwamba mpangilio ule una sharti: unadumu pale ambapo wanafunzi wanajifunza stadi zote. Mtihani ukishaiacha stadi moja, na walimu wakaona, darasa nalo linaiacha, na hapo ndipo anapotokea mtu wa 71 asiyeweza kuuliza swali kwenye simu. Karatasi inaanza kuharibu uhusiano ule ule inaoutegemea.

Lakini kusema kwamba mtihani unaongoza darasa ni rahisi. Charles Alderson na Dianne Wall walionya mwaka 1993 kwamba watu wanalidai jambo hili kana kwamba limethibitishwa, ilhali wachache walikuwa wameingia darasani kuangalia. Basi kabla ya kubadilisha chochote tuliangalia. Tulikubaliana kukaa nyuma ya madarasa ya wenzetu kwa vipindi vinne vya dakika 60, na kila dakika kuweka alama: mwalimu anaeleza, wanafunzi wanaandika zoezi, au mwanafunzi anasema jambo lake mwenyewe. Hilo la tatu halikuzidi dakika 6 katika kipindi chochote, na moja ya vipindi hivyo kilikuwa changu. Ningebadilisha mtihani kwanza, nisingekuwa na cha kulinganishia baadaye.

Muhula uliofuata tuliongeza mtihani wa mdomo wa dakika 10, wenye mada sita zilizojulikana mapema: familia yangu, kazi yangu, safari, afya, nyumba na mipango ya baadaye. Hapa tulikosea, na tulikosea kwa nia njema, kwa sababu tulitaka wanafunzi wasiwe na hofu.

Ishara zilionekana siku ya mtihani yenyewe. Kati ya watahiniwa 14, tisa walianza mada ya safari kwa sentensi moja, neno kwa neno: "Safari ni jambo muhimu katika maisha ya mwanadamu." Walisema bila kusita hata kidogo, kwa kasi isiyobadilika, mpaka ukiwauliza swali katikati. Hapo wengine walinyamaza, na wawili walirudi mwanzo kabisa wa hotuba. Wengine walitamka maneno magumu sawasawa, lakini nilipouliza "Ulisafiri lini?" wakanijibu "Ninasafiri na basi."

Rekodi zetu za darasani nazo zilitudanganya. Dakika za wanafunzi kuzungumza zilikuwa zimepanda hadi karibu 20 kwa kipindi, na tulifurahi, mpaka nilipokaa nyuma ya darasa moja nikasikia ni kukariri kwa pamoja. Fomu yetu haikutenganisha maneno yaliyotungwa papo hapo na maneno yaliyohifadhiwa. Tulipoongeza safu ya nne kwa ajili ya kukariri, mazungumzo ya kweli yalirudi pale pale, dakika 5 au 6. Mtihani ulikuwa umelifikia darasa kweli kweli, ila ulichokifikisha ni hotuba.

Mara ya tatu niliirudia ile simu. Mtahiniwa anasikiliza ujumbe wa dakika moja, mara mbili, ambamo kuna badiliko la mpango na jambo moja limeachwa wazi kwa makusudi. Kisha anaongea na mtahini kana kwamba anapiga simu: aulize kilichoachwa wazi, aeleze kwa nini mpango mpya haumfai, wakubaliane wa tatu. Mtahini ana karatasi ya sentensi za kusema, kwa sababu tuligundua kwamba mtahini mkarimu humalizia mtahiniwa sentensi, na alama ya mtahiniwa inapanda kwa maneno ya mtahini.

Shida iliyohamia mezani ni ile ambayo mtihani wa zamani haukuwa nayo. Tulitoa alama 0 hadi 5 kwa mambo matatu: kufikisha ujumbe, kuendesha mazungumzo, na usahihi. Kwa mtahiniwa mmoja mimi nilitoa 4 ya kufikisha ujumbe, mwenzangu akatoa 2. Tulipomsikiliza tena, nikaona mwenzangu alikuwa akikata alama kila upatanisho ulipokosewa, ingawa usahihi ulikuwa na safu yake. Mimi nami nilikuwa nimeshazoea matamshi ya wanafunzi wangu, nikielewa mambo ambayo mgeni asingeyaelewa. Tulichagua rekodi nane, tukazisahihisha kila mtu peke yake, tukabishana juu ya kila tofauti ya zaidi ya alama moja, tukaandika tulichokubaliana pembeni ya kipimo. Baada ya hapo tofauti ya alama mbili imekuwa nadra, na ikitokea anasikiliza mtu wa tatu.

Gharama yake ni muda. Watahiniwa 14 kwa dakika 12 ni dakika 168 kwa kila mmoja wetu, bila kuhesabu mabishano. Ili muda upatikane tulipunguza maswali ya karatasi kutoka 80 hadi 40, na hayo 40 sasa yana vijana, viboko na vipofu wa kutosha.

Muhula wa pili wa mtihani huo tulikaa tena nyuma ya madarasa. Katika matatu, mazungumzo yasiyokaririwa yalikuwa kati ya dakika 14 na 19. La nne halikubadilika sana. Mwalimu wake alikuwa amechukua ujumbe wa simu, akauandika ubaoni, akawapa wanafunzi wapigie mstari vitenzi. Sikumlaumu. Wall na Alderson waliona jambo linalofanana na hilo Sri Lanka: mtihani mpya ulibadilisha kile kinachofundishwa, lakini namna ya kufundisha haikubadilika. Mwenzetu huyu hakuwa amewahi kuona somo la aina hii likiendeshwa. Tuliingia darasani kwake pamoja mara tatu, nikifundisha mimi mara ya kwanza na yeye mara mbili, na dakika zikaanza kusogea.

Wiki iliyopita mwanafunzi aliniuliza nikiwa mlangoni, "Mwalimu, safari hii itabadilika siku au mahali?" Nilipoangalia jumbe zote tulizotumia, ni kweli: kila mara ilikuwa moja ya hizo mbili. Sasa natunga jumbe ambazo kinachobadilika ni mtu wa kuonana naye, au sababu ya kuonana, na moja ambayo hakuna kilichobadilika kabisa.