Karatasi iliyosema virusi havionekani

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika kituo cha tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU hapa Mwanza, na tangu nistaafu ninatumika kama mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kirumba. Ijumaa moja jioni mchungaji wetu alinipigia simu akanieleza kwamba mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni ameomba kusimama mbele ya usharika Jumapili inayofuata ili ashuhudie kwamba Mungu amemponya UKIMWI, na kwamba anayo karatasi ya hospitali inayothibitisha. Mama huyo alikuwa amemruhusu mchungaji anishirikishe. Bila ruhusa yake nisingepaswa kulisikia jambo hilo, hata kwa nia ya kumsaidia.

Tulikutana watatu nyumbani kwa mchungaji siku ya Jumamosi. Karatasi ilikuwa ya kweli, na ilikuwa habari njema kweli: kipimo cha wingi wa virusi kilionyesha kwamba virusi havionekani. Niliomba anisimulie yaliyotangulia, kwa sababu karatasi moja haitoshi kueleza safari. Akaniambia kwamba kipimo chake cha kwanza, kilichochukuliwa baada ya miezi sita ya dawa, kilikuwa kimezidi virusi 1000 kwa mililita moja ya damu. Sababu aliijua: kila alipofunga alikuwa haonji chakula, maji wala vidonge, na alikuwa anafunga mara nyingi, pengine siku kadhaa mfululizo. Kituoni walimweka kwenye ushauri wa karibu kwa miezi mitatu, akawa anameza kidonge chake kila siku bila kukosa, kisha wakarudia kipimo. Katika miezi hiyohiyo kikundi cha maombi kilimwombea kwa mfululizo. Mambo mawili yalikwenda pamoja, na yeye alikuwa amelihesabu moja tu.

Jumapili hiyo, baada ya ushuhuda, alikusudia kuacha dawa. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yote.

Nilimweleza kwamba kipimo kile huhesabu virusi vinavyoelea katika damu, na kwamba dawa huzuia virusi visijizalishe, kwa hiyo idadi yao katika damu hushuka hadi chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukiona. Lakini VVU hujificha pia ndani ya chembe za kinga za mwili vikiwa vimelala, na kirusi kilicholala hakizaliani, kwa hiyo dawa haina cha kukizuia. Yeye amezaliwa kando ya ziwa, nami nikamkumbusha magugu maji: watu wanaweza kuyaopoa yote mpaka maji yakawa meupe na mitumbwi ikapita, huku mbegu zake zikiwa zimetulia kwenye tope kwa miaka, zikingoja nafasi. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi katika damu ndani ya wiki chache. Kibaya zaidi ni kwamba mwili hautoi taarifa mapema. Anayeacha hujisikia mzima, pengine kwa miezi mingi, na uzima huo ndio unaomthibitishia kwamba alifanya vyema, mpaka siku anapopata mkanda wa jeshi, au utando mweupe mdomoni, au kikohozi kisichokoma ambacho kikipimwa ni kifua kikuu.

Mama akaniuliza kwa uchungu, "Kwa hiyo mama yangu, Mungu hakufanya kitu?"

Swali hilo halikustahili jibu la kituoni, na ninashukuru kwamba mchungaji ndiye aliyelijibu. Alifungua Wafalme wa Pili sura ya 20, ambako mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwahidi kumponya, na nabii yuleyule aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Kisha akamsomea habari ya wakoma kumi katika Luka 17, waliotumwa wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa watu waliokuwa na mamlaka ya kusema nani ametakasika. Akamwambia kwamba ushuhuda wa kupona unapitia kwanza kwa anayejua kupima. Nikaongeza kwamba kipimo alichokuwa nacho hakiwezi kujibu swali la kupona maadamu anatumia dawa, kwa kuwa mtu aliye kwenye dawa na mtu aliyepona wangetoa karatasi inayofanana. Wachache wanaojulikana na madaktari kwamba wamepona, kama Timothy Ray Brown aliyetibiwa Berlin, karibu wote walikuwa na saratani ya damu na wakapandikizwa uboho, tiba nzito ambayo hapewi mtu kwa ajili ya VVU peke yake.

Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kuhusu kufunga, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa tatizo lake halisi tangu mwanzo. Dawa anayotumia, yenye dolutegravir ndani yake, humezwa mara moja kwa siku, ukiwa umekula au hujala, saa yoyote mradi iwe ileile. Alikuwa anaimeza saa moja asubuhi. Tulimshauri azungumze na muuguzi wake ahamishie saa tatu usiku, baada ya kufungua mfungo, na muuguzi akakubali. Jirani zetu Waislamu hufanya vivyo hivyo mwezi wa Ramadhani, wakimeza baada ya futari. Kufunga siku kadhaa bila hata maji ndiko tulikomwomba akuache, na mchungaji akamtamkia wazi kwamba hakuna nadhiri inayovunjwa na kidonge na funda la maji. Nilimwonya pia kwamba vidonge vya kuongeza damu vikimezwa pamoja na dolutegravir tumbo likiwa tupu, na baadhi ya dawa za kiungulia zikimezwa pamoja nayo hata ukiwa umekula, huipunguza nguvu, hivyo amwambie muuguzi kila anachomeza, hata kile anachopewa na watu wa maombi.

Jumapili alisimama. Alisema kwamba alikuwa akienda vibaya katika matibabu, ndugu wakamwombea, akapata nguvu ya kufuata dawa bila kukosa, na sasa majibu yake ni mazuri. Ugonjwa hakuutaja, wala hakuulizwa. Watu wa Mwanza wa rika langu wanakumbuka mwaka 2011, jinsi magari yalivyojipanga kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500, na jinsi wapo waliorudi wakiwa wameacha dawa zao. Baadhi yao niliwapokea tena kituoni wakiwa wamedhoofika sana, na si wote niliofanikiwa kuwarudisha.

Kwa sababu hiyo usharika wetu umeweka utaratibu. Anayetaka kushuhudia uponyaji wa ugonjwa wenye dawa za kudumu, iwe VVU, kisukari, kifafa au shinikizo la damu, anazungumza kwanza na mchungaji, na anarudi kliniki kabla ya kubadili dozi yoyote. Mhubiri mgeni anaelezwa, kabla hajapewa kipaza sauti, kwamba anaweza kumwombea yeyote kwa jambo lolote, lakini hamwambii mtu aache dawa. Mmoja alikataa sharti hilo, na mkutano wake tuliufuta ingawa viti vilikuwa vimeshakodiwa.